Mafundi Wawili, Karai Moja, Matofali Manne

Siku hizi Timazi haruki tena juu ya mbao. Akifika kazini anavua shati la nyumbani, anavaa la kazi, kisha anasimama chini ya jukwaa na kuangalia juu huku midomo ikicheza bila sauti. Vibarua wapya hudhani anasali. Mimi najua anahesabu, na ninachojua zaidi ni anahesabu nini, kwa sababu hesabu hiyo iko kwenye faili langu.

Mimi ni mtunza stoo. Jengoni wananiita Mama Stoo, na wengine wakininyima heshima wananiita Misumari, kwa kuwa sitoi msumari hata mmoja bila saini. Nimekaa kwenye kibanda cha mabati kwa miaka kumi na minne, majengo tofauti, kibanda kilekile kinahamishwa kwa lori. Nimeona mafundi wengi. Wengi wao ni waongo wa kawaida, wa kuchukua kilo tatu na kusema mbili na nusu. Timazi hakuwa hivyo. Ndiyo sababu habari hii inaniuma kuisimulia, na ndiyo sababu naisimulia.

Jina la Timazi alipewa kwa haki. Timazi ni kile chuma kidogo cha kuning'inizwa kwa uzi, cha kupima kama ukuta umesimama wima, na huyu bwana alikuwa na macho yasiyohitaji uzi. Alikuwa anasimama mlangoni, anafumba jicho moja, anasema, "Huko juu umelewa," na ukipima unakuta kweli, ukuta umetoka nusu sentimita. Miaka ishirini na sita kazini, kumi na moja kati ya hiyo akiwa fomeni. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa haijaisha, lakini hilo ni la mafundi wote, kinyozi hajinyoi.

Alikuwa na desturi yake. Jukwaa lolote likimaliza kufungwa, kabla fundi hajakanyaga, anapanda yeye. Anakwenda katikati, anakunja suruali kidogo pale magotini kama mtu anayetaka kuchutama, kisha anaruka mara tatu. Puu, puu, puu. Mbao zisipolia, anashuka na kusema, "Pandeni." Alifundishwa hivyo na fundi aliyemlea, na yule naye alifundishwa na wake. Mafundi waliipenda desturi ile. Mkubwa anayetanguliza miguu yake kwanza anapendwa popote, nami nilimpenda kwa hilo. Sikujua wakati huo kwamba mtu mmoja wa kilo sabini akiruka mara tatu hapimi kitu kitakachokaa pale kutwa nzima.

Katika mafundi wake alikuwemo mdogo wa mkewe. Timazi alimwita shemeji, basi jengo zima likamwita Shemeji, hata vibarua wasiokuwa na dada wa kuoza. Alikuwa mpole, mwepesi wa mkono, mtu wa kuimba chinichini akipanga matofali. Alikuwa na kasoro moja tu ninayoijua: alimwamini Timazi kuliko alivyoyaamini macho yake. Tangu akiwa mwanafunzi wa kushika kamba alikuwa nyuma ya mume wa dada yake, na kila alichojua alikuwa amekipata kwake.

Tulikuwa tunajenga ukumbi wa shule. Kuta ndefu, ndefu kuliko za madarasa, na za matofali ya saruji, yale mazito ya kilo ishirini na mbili, yanayounganishwa kwa mota ya saruji na mchanga. Injinia wetu alikuwa msichana. Nasema msichana kwa sababu Timazi alimwona hivyo. Mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili na majengo manne ya kuyazungukia. Timazi alikuwa anamwita "mwanangu" kwa upole kabisa, na kwa upole huohuo hakuwa akimsikiliza.

Jumamosi Injinia alipita akaona jukwaa la ukuta wa ukumbi. Akapiga tepu kati ya nguzo na nguzo, akabonyeza ubao kwa mguu, akaondoka. Jumatatu asubuhi akaja kibandani kwangu, akaomba kona ya meza, akaandika memo kwenye kile kitabu chake chenye karatasi ya kaboni, ukiandika ya juu na ya chini inaandikika. Mwandiko mkubwa, maneno machache. Ilikuwa hivi:

"Kwa fomeni. Jukwaa la ukuta wa ukumbi. Mbao ulizonazo ni za unene wa milimita 38. Miti inayobeba mbao isiachane zaidi ya mita moja na nusu. Nafasi za sasa ni mita tatu, kwa hiyo weka nguzo na mti wa kulala katikati ya kila nafasi kabla ya mtu kupanda. Upana wa jukwaa ni mbao nne. Mzigo kwa kila nafasi ya mita moja na nusu usizidi kilo 270, yaani mafundi wawili, karai moja la mota, matofali manne. Wasomee mafundi wote."

Alimwita Timazi, akampa asome, akamuuliza kama kuna swali. Timazi akasema hakuna, mwanangu, akatia saini. Karatasi ya juu akapewa yeye, ya chini ikaingia kwenye faili langu. Injinia akaondoka kwenda kwenye jengo lake jingine, na kusema atarudi Jumatano.

Gari lake halijafika getini, Timazi akacheka. Hakucheka vibaya. Alicheka kama mzazi aliyeonyeshwa na mtoto namna ya kufunga kamba za viatu. Aliniambia kuweka nguzo katikati ya kila nafasi ni kazi ya siku nzima, na nguzo zenyewe stoo hazitoshi, na ukuta ulitakiwa kufika usawa wa madirisha ya juu Alhamisi. Nikamwambia nguzo naweza kuagiza, zitakuja kesho jioni. Akatikisa kichwa. Alikuwa na njia nyepesi zaidi, akasema. Injinia anataka mbao moja kwa mita moja na nusu. Sisi nafasi yetu ni mita tatu, mara mbili. Basi tutalaza mbao mbilimbili, moja juu ya mwenzake. Nafasi mara mbili, mbao mara mbili. Hesabu imekaa sawa.

Mimi nilisoma hesabu mpaka darasa la kugawanya, na kusema kweli iliniingia akilini. Nikamuuliza tu kuhusu kuwasomea mafundi. Hapo uso wake ukabadilika kidogo.

"Mama Stoo," alisema, "mimi nisimame mbele ya watu niliowafundisha kushika mwiko, niwasomee karatasi, matofali manne, kama mwalimu wa chekechea? Wakijua nasomeshwa, kesho nani atanisikia?"

Akaikunja ile karatasi mara nne, akavua helmeti, akaichomeka kwenye ule mkanda wa ndani, akavaa tena. Mimi nikachekacheka. Naomba msinisamehe haraka kwa kicheko hicho, mimi mwenyewe sijakisamehe. Nilikuwa na nakala mezani, nilijua imeandikwa "wasomee mafundi wote", nami nikaitoboa matundu mawili vizuri nikaifungia kwenye faili. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, niliona.

Jumatatu hiyohiyo alichukua mbao zangu zote zilizobaki, akazilaza mbilimbili. Akapanda, akakunja suruali, puu, puu, puu. Zilipinda, lakini hazikulia.

Jumanne wakajenga. Jioni Shemeji alikuja kurudisha pima maji, akapita kwa Timazi aliyekuwa amekaa mlangoni kwangu akivua viatu. Akamwambia mbao zinanesa, ukitembea katikati unasikia zinashuka na kurudi. Timazi akamwambia mbao nzuri lazima inese, isiyonesa ndiyo inayokatika. Shemeji akauliza apunguze matofali? Walikuwa wanapandishiwa machache machache, na vibarua walikuwa wanalalamika kwenda na kurudi.

"Yaweke ishirini kwa mkupuo, pale katikati," Timazi akasema. "Mbao ni mbilimbili hizo. Usinichoshee vibarua."

"Sawa, shemeji."

Nilikuwa nakunja turubai hatua tatu kutoka walipokuwa. Hiyo ishirini niliisikia kwa masikio yangu haya.

Jumatano, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nampimia mtu rangi ya milango. Sauti ya mbao kuvunjika si kubwa kama watu wanavyodhani. Ilikuwa kavu na fupi, kisha ukaja mngurumo wa matofali, na kisha jengo zima likanyamaza. Nikatoka mbio na kopo mkononi.

Mbao za nafasi ya tatu zilikuwa zimekatika pale palipokuwa na rundo, moja yao kwenye fundo. Mwenzake Shemeji alikuwa ameshuka kufuata uzi, Mungu ni mkubwa. Shemeji alikuwa peke yake juu, na alishuka na mzigo wote kutoka mita mbili na nusu. Matofali mengi yalimkosa. Mawili hayakumkosa. Mguu wa kulia ulikuwa umelala upande ambao mguu haulali. Timazi alifika kabla yangu, akapiga magoti, akawa anaondoa matofali kwa mikono, moja moja, anayapanga pembeni kwa mstari ulionyooka. Mtu anapochanganyikiwa mikono yake inafanya inachokijua.

Walimpeleka hospitali. Mchana Injinia akafika, akakagua peke yake, akapiga tepu, akahesabu matofali yaliyoanguka, yale yaliyovunjika na mazima. Kisha akaja kibandani, Timazi nyuma yake. Alichukua rula zangu mbili za mbao, akaziweka moja juu ya nyingine, zikalala kati ya makopo mawili ya rangi. Akabonyeza katikati kwa kidole.

"Angalia ncha zake," alimwambia.

Tukaangalia. Rula zilipopinda, ya juu iliteleza juu ya ya chini, ncha zikaachana kidogo. Akaeleza bila kupandisha sauti kwamba mbao mbili zilizolala tu hivyo hazigeuki kuwa ubao mmoja mnene. Kila moja inapinda kivyake, kwa hiyo nguvu unayopata ni mara mbili, basi. Lakini nafasi ukiifanya mara mbili, na mzigo umeenea mbao nzima, mbao zinaumia mara nne. Na mzigo ukiurundika katikati, zaidi ya hapo.

Timazi alitazama zile rula kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kuelewa vitu kwa macho, na niliona ameelewa. Akasema kosa la nafasi ni lake, alidhani, na amekiri. Mpaka hapo alikuwa bado yule Timazi ninayemjua.

Injinia akasema kosa hilo ataliandika. Kisha akasema kwamba kwa matofali manne pengine mbao zingepinda tu, zisingekatika, lakini yeye amehesabu ishirini. Akamuuliza, "Mzigo uliwaambia?"

Nilisikia bati la paa likijikunja kwa joto.

"Niliwaambia," Timazi akasema. "Lakini unawajua mafundi, mwanangu."

Injinia akaandika. Mimi nilikuwa nimeshika faili, nakala iko ndani, na ishirini iko masikioni mwangu. Nikafuta vumbi kwenye jalada. Lilikuwa halina vumbi.

Jioni ile meneja wa kampuni alipita akatoa uamuzi wake: Ijumaa asubuhi watu wote wakutane, taarifa isomwe. Fundi anayekaidi agizo la maandishi hatakanyaga tena jengo hili, wala jengo lao lolote lingine, apone asipone. Kwa mtu wa matofali mjini kwetu, hilo lilikuwa sawa na kuambiwa atafute kazi nyingine, akiwa na mguu mmoja.

Alhamisi baada ya kazi Timazi aliniomba twende wote hospitali. Alisema anapeleka mwiko wa Shemeji, aliuokota kwenye kifusi, ameuosha. Nani anahitaji mwiko kitandani? Lakini sikumuuliza. Nilijua anaogopa kuingia peke yake, na mimi pia niliogopa.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, dirisha moja halifungiki. Shemeji alikuwa cha mwisho, mguu umefungwa plasta mpaka pajani na umeinuliwa kwa kamba. Dada yake, yaani mke wa Timazi, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, maana viti havikutosha. Tulipoingia alikuwa keshaanza, na hakunyamaza kwa ajili yetu. Injinia alikuwa amepita asubuhi, tukaambiwa. Alimuuliza mgonjwa kama aliambiwa idadi ya matofali.

"Na unajua kajibu nini?" dada akamwambia mumewe. "Kamwambia, labda niliambiwa, sikusikia vizuri. Labda! Mtu mzima ana masikio kama masikio ya sufuria."

Kisha akamgeukia mdogo wake. Alikuwa amelia usiku kucha, ilionekana, na mwanamke aliyelia usiku kucha akipata hasira anaishika kwa mikono miwili. Akamwambia tangu ulipokuwa mdogo ni hivyohivyo. Akamwambia mwenzio amekuokota hujui kushika nyundo, amekufanya fundi, anakwambia manne wewe unaweka ishirini.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Si ndiyo hiyo? Haya, liangalie guu lako."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka, kwa kweli ilikuwa imekaa vizuri. Timazi alikuwa amesimama na mwiko ndani ya gazeti. Nilimtazama nikatamani kutomtazama. Uso wake haukuwa umekunjamana, haukuwa na chozi. Ulikuwa umelegea tu, kama uso wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni akasahau kujifunika.

Shemeji alimwangalia mume wa dada yake. Hakumwangalia kwa lawama; ingekuwa lawama ningepumua. Alimwangalia kama anavyomwangalia kazini akisubiri aambiwe la kufanya. Alipoona haambiwi kitu, akageuza kichwa ukutani.

"Dada, basi," akasema.

Timazi akaweka mwiko chini ya kitanda. Akasema pole, akasema atarudi, akatoka. Mkewe akamfuata mpaka mlangoni akamshika mkono na kumwomba asimchukie mdogo wake, akili zake ndizo hizo, amsemee kwa meneja kesho. Akamwambia, "Wewe ndiye mkubwa wake." Nilikuwa nyuma yao na nilisikia yote. Aibu ya mtu mwingine inaweza kukuunguza kama yako. Na hii haikuwa ya mwingine, nusu yake ilikuwa yangu.

Nje, kwenye ngazi za hospitali, Timazi akakaa chini. Watu walikuwa wanampita na mabeseni na chupa za chai. Nikakaa ngazi moja juu yake. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu Jumatano. Mimi ni mtu wa maneno makali, kila mtu atakwambia. Yote yakanipotea.

"Nakala ninayo," nikamwambia. "Na ishirini niliisikia. Nimenyamaza siku mbili. Kwa hiyo usidhani niko juu yako, ni ngazi tu."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema Jumatatu, alipoikunja ile karatasi, hakuwa hata anafikiria mbao. Alikuwa anafikiria sauti yake. Alisoma shule miaka michache, na akisoma kwa sauti anakwamakwama, na Shemeji, ambaye alimaliza shule, anasoma gazeti kama redio. Hakutaka Shemeji amsikie anakwama.

"Basi hilo tu," alisema. "Nimemvunja mguu kwa hilo tu."

Nilitafuta la kumfariji nikakosa, nikashukuru kukosa, maana lingekuwa uongo. Nikamwambia kesho asiposema yeye nitasema mimi. Akasema anajua. Tukaondoka kila mtu na njia yake.

Ijumaa asubuhi watu walikusanyika chini ya ule ukuta, mahali pa jukwaa pakiwa patupu, mbao zilizokatika zimeegeshwa pembeni. Meneja alikuwa na taarifa yake ndani ya bahasha. Injinia alisimama kando na kile kitabu chake. Mimi nilisimama na faili limefunguka pale penye nakala, kidole kwenye ukurasa.

Meneja hajafungua bahasha, Timazi akatoka mbele. Akavua helmeti. Akachomoa ile karatasi kwenye mkanda wa ndani; jasho la siku nne lilikuwa limeitia madoa, na mikunjo imeanza kuchanika. Akaifungua taratibu juu ya kiganja.

"Nina kitu cha kuwasomea," akasema.

Akasoma. Alikwama kwenye "milimita". Alikwama tena kwenye "mia mbili na sabini", akarudi nyuma, akaanza upya sentensi nzima. Hakuna aliyecheka. Aliposema mafundi wawili, karai moja la mota, matofali manne, sauti ilikuwa imeshika. Aliposema "wasomee mafundi wote" akaiinua karatasi juu wote waione.

"Hii nilipewa Jumatatu, saini ni yangu," akasema. "Sikumwambia mtu. Ishirini nilisema mimi. Shemeji aliniuliza apunguze, nikamwambia aongeze. Jumatano Injinia aliniuliza, nikamdanganya."

Nami nikasema, kabla ulimi haujabadili nia, kwamba nilikuwepo mara zote tatu na nilinyamaza. Watu wakanigeukia. Niliona macho ya vibarua ninaowagombeza kwa ajili ya misumari, na nikaona wananihesabu. Walikuwa na haki.

Meneja alirudisha bahasha mfukoni. Hakupiga kelele. Alimwambia Timazi si fomeni tena kuanzia saa ile, na kama anataka kubaki, abaki kama fundi, chini ya mtu mwingine. Mimi nikapewa onyo la maandishi, nalo nimelifunga kwenye faili lilelile, nyuma ya nakala. Injinia hakumsifu mtu yeyote kwa kusema ukweli. Aliagiza nguzo za katikati ziletwe, kisha akamwambia Timazi maneno machache tu: kwamba angekuja kuuliza kuhusu zile mbao mbilimbili, angemwonyesha rula Jumatatu. Timazi akasema, "Ndiyo, Injinia." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Jioni akaniomba tena twende wote. Mkewe alikuwa palepale kwenye ndoo. Timazi hakukaa. Alimwambia mkewe kila kitu, amesimama, mikono imening'inia, kuanzia karatasi mpaka ishirini mpaka uongo. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akainuka, akaihamisha ile ndoo upande wa pili wa kitanda, mbali na mumewe, akakaa. Akamshika mdogo wake mkono, akaanza kusema nisamehe, nisamehe, na Shemeji akawa anambembeleza yeye.

Kisha Shemeji akaomba aione ile karatasi. Timazi akataka kumpa mkononi, akabadili mawazo. Akamsomea. Mbele ya wagonjwa kumi na mmoja na nesi aliyesimama na trei, akamsomea yote, akikwama palepale alipokwama asubuhi. Ukutani kulikuwa na saa, na mimi, kwa ile tabia yangu ya kupima kila kitu, niliiangalia. Hata na kukwama kwake, haikufika dakika moja.

Shemeji alisubiri, kama anayedhani kuna ukurasa mwingine.

"Ni hayo tu?" akauliza.

"Ni hayo tu."

Shemeji akautazama mguu wake ulioning'inia kwenye kamba, kisha akamtazama mume wa dada yake.

"Ungenisomea hivyohivyo, ningeelewa," akasema.